Mauzo ya agroveti: tumia wastani wa miezi 12, si mitatu

Agroveti ya Nakuru huuza sana Machi na Aprili, wakulima wa Njoro na Bahati wanapotafuta mbegu za mahindi na mbolea ya kupandia. Kufikia Desemba rafu zinapigwa vumbi. Ndiyo maana ukilinganisha mwezi na mwezi uliotangulia, unachopima ni mvua, si biashara.

Wengi hukimbilia wastani unaosogea wa miezi mitatu, yaani wastani wa kila mwezi pamoja na miwili iliyoutangulia. Tuseme mauzo ya 2023, kwa maelfu ya shilingi, kuanzia Januari, yalikuwa 210, 260, 520, 480, 390, 240, 190, 200, 230, 280, 200 na 160. Mwaka 2024 ukaanza na 198, 248, 496 na 456. Wastani wa miezi mitatu ulikuwa 186 Januari 2024, na kufikia Aprili umepanda hadi 400. Mwenye duka atacheka, lakini huo ni msimu tu.

Sasa chukua miezi 12. Kila mwezi wa mwaka unaingia mara moja, kwa hiyo masika na kiangazi vinafutana. Mwaka 2023 wote unatoa 280. Kisha, kila mwezi mpya ukiingia, mwezi kama huo wa mwaka jana unatoka: 279, 278, 276, 274. Duka linashuka polepole, hata Machi foleni ikiwa imefika mlangoni.

Kwenye Excel, weka Januari 2023 katika B2, kisha andika hii katika C13 na uivute chini:

```
=AVERAGE(B2:B13)
```

Mwezi ambao duka lilifungwa andika 0. Ukiacha seli tupu, Excel itairuka na kugawanya kwa 11.

Ile 280 imekaa kwenye mstari wa Desemba, ilhali katikati ya mwaka ni kati ya Juni na Julai. Ili mwelekeo ukae mahali pake kwenye grafu, tafuta wastani wa 280 na 279, yaani 279.5, na uuweke Julai, katika D8:

```
=AVERAGE(C13:C14)
```

Gharama yake ni kwamba miezi sita ya mwisho inabaki wazi. Usiijaze kwa kukisia.

Kinachosumbua zaidi ni oda ya ghafla. Mteja mmoja mkubwa akinunua bidhaa za 120 mara moja tu, wastani unaruka kwa 10 na kukaa juu miezi 12. Oda hiyo inapotoka, mstari unaanguka kwa 10, nawe unamlaumu mfanyakazi kwa mwezi ambao hakukosea chochote. Ukiona mruko wa namna hiyo, angalia mwezi ulioingia na ule uliotoka. Oda yenyewe iweke safu ya pembeni.

Bei ya mbolea ikibadilika sana, fanya hesabu hiyohiyo kwa mifuko. Shilingi zinaweza kupanda huku mifuko ikipungua.