Kasa kwenye picha za droni: AUC ya 0.96 na kazi isiyokwisha

Swali: *Wakuu, nina modeli inayotafuta kasa kwenye picha za droni huku Lamu. AUC inasoma 0.96, lakini vijana wanaohakiki picha wanasema wanafungua maji matupu kutwa. Kuna aliyeniambia niachane na ROC nitazame presisheni na rikoli. Nimsikize nani?*

Wasikize vijana. Mimi niko Malindi na kazi yangu ni hiyo hiyo, kasa na picha za angani, na malalamiko kama hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. AUC yako haijakosewa hesabu. Ila swali inalolijibu si lile wanalouliza wao.

Anza na namna mkunjo wa ROC unavyochorwa, maana ukilishika hilo mengine hayakupi taabu. Modeli inakipa kila kipande cha picha alama kati ya 0 na 1. Vipange vyote kwa alama, ya juu kabisa ikitangulia, kisha shuka nayo orodha kimoja kimoja ukiwa na kalamu kwenye pembe ya chini kushoto ya grafu. Ukikuta kipande chenye kasa, kalamu inapanda hatua moja. Ukikuta kitupu, inakwenda kulia hatua moja. Ukimaliza orodha umefika pembe ya juu kulia, na mstari uliouacha ndio ROC yenyewe.

Sasa tazama ukubwa wa hatua. Tuseme una vipande 20,000, na kasa wamo katika 100 tu. Hatua ya kupanda ni sehemu moja ya 100, lakini hatua ya kwenda kulia ni sehemu moja ya 19,900. Modeli inaweza kukuletea vipande vitupu 199 mfululizo na kalamu ikasogea kulia asilimia moja tu. Kwenye skrini ni upana wa unywele. Kwa kijana aliyekaa mbele ya kompyuta ni asubuhi nzima ya kutazama vichwa vya matumbawe, vivuli vya mawingu, maboya na mafungu ya majani ya bahari.

AUC, yaani eneo lililo chini ya mkunjo, lina maana moja iliyo wazi: ukichagua kwa bahati nasibu kipande kimoja chenye kasa na kimoja kitupu, ni uwezekano gani kwamba chenye kasa kimepewa alama ya juu zaidi. Modeli inayobahatisha hupata 0.5, isiyokosea hupata 1. Basi 0.96 ni sifa ya kweli. Lakini inalinganisha wawili wawili, na bahari haikuletei wawili wawili. Inakuletea kasa mmoja katikati ya vipande vitupu 199, na wote hao wana nafasi ya kumpita.

Tuifanyie hesabu modeli moja, tuiite A, kwa vipande vile vile 20,000. Ukiweka kizingiti cha juu, yaani alama ambayo kipande lazima kiifikie ndipo kihesabiwe kuwa na kasa, inapata kasa 50 na inaleta vitupu 50. Ukikishusha, inapata 80 na kuleta vitupu 597. Ukikishusha tena, inapata 95 na vitupu 1,990. Kwa lugha ya ROC, mhimili wa kusimama unasoma 0.50, 0.80 na 0.95, na ule wa kulala unasoma 0.0025, 0.03 na 0.10. Unganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka, pamoja na pembe mbili za mwisho, eneo linatoka 0.957. Mkunjo umejibana kwenye pembe ya juu kushoto, na ukiuweka kwenye ripoti kila mtu ataridhika.

Hesabu hizo hizo zisome kwa jicho la mhakiki. Kizingiti cha kati kinamfungulia picha 677, na kasa wamo katika 80. Hiyo ndiyo presisheni: katika vile modeli ilivyosema ndivyo, vingapi ndivyo kweli. Hapa ni 0.118, karibu picha moja kati ya nane au tisa. Rikoli, yaani sehemu ya kasa wote iliyopatikana, ni 0.80, na ndiyo ule ule mhimili wa kusimama wa ROC. Kwa hiyo michoro miwili, wa ROC na ule wa presisheni na rikoli, inakubaliana kabisa kuhusu kasa waliopatikana. Inapoachana ni katika kuhesabu makosa: ROC inayagawa kwa maji yote matupu ya bahari, presisheni inayagawa kwa picha zilizowekwa mbele ya binadamu.

Kuna jambo la pili ambalo mimi naliona zito kuliko hilo. Katika lile eneo la 0.957, kiasi cha 0.8775 kinatoka upande wa kulia wa 0.10, yaani baada ya mhakiki kuwa ameshafungua vitupu 1,990. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za alama yako zinatoka mahali ambapo hakuna mradi utakaofika kufanya kazi. Na ndiyo sababu AUC inaweza kukuchagulia modeli isiyofaa.

Ichukue modeli B, data zile zile. Kwa vitupu 50 inapata kasa 20, kwa vitupu 597 inapata 75, na kwa vitupu 1,990 inapata 98. Eneo lake ni 0.965, limempita A. Ukifuata AUC utaichukua B. Lakini kama timu yako ina muda wa kufungua picha mia moja hivi kwa siku, A inawapa kasa 50 kwa picha 100, na B kwa vitupu vile vile 50 inawapa 20 tu. Ushindi wote wa B uko mkiani, kwa kasa watatu wa mwisho walioinuka kutoka chini kabisa ya orodha. Ukipiga wastani wa presisheni kwa nukta hizi chache, kila nukta ukiipa uzito wa rikoli iliyoongeza, A inapata 0.29 na B 0.13. Mikunjo ya namna hii hukatana katika ROC, na kukatana huko ndiko unakopaswa kukutafuta kabla hujaitazama namba yoyote. Davis na Goadrich walionyesha mwaka 2006 kwamba mkunjo ulio juu ya mwenzake kote katika ROC utakuwa juu pia katika presisheni na rikoli. Ugomvi unazaliwa pale tu inapokatana.

Kwenye kompyuta ni mistari michache. `y` ni safu ya 0 na 1 na `p` ni alama za modeli:

```python
from sklearn.metrics import roc_auc_score, average_precision_score
print(roc_auc_score(y, p))
print(average_precision_score(y, p))
print(y.mean())
```

Mstari wa mwisho usiuache. Katika ROC, kubahatisha ni 0.5 siku zote. Katika presisheni na rikoli, kubahatisha ni sawa na uwiano wa kasa katika data, na hapa ni 0.005. Ukiona 0.29 usikate tamaa kwa kuilinganisha na 0.5, ilinganishe na 0.005. Na hakikisha `p` ni alama zenyewe, si majibu ya ndiyo na hapana. Ukichora ROC ukaona mstari wenye kona moja tu, ujue umepitisha majibu badala ya alama. Jambo jingine, usiziunganishe nukta za presisheni na rikoli kwa mistari iliyonyooka ili upime eneo, kwani mkunjo wa kweli katikati ya nukta mbili hulegea chini ya mstari huo na utajipa alama usizostahili. `average_precision_score` haifanyi hivyo.

Lakini usidhani mchoro wa presisheni na rikoli hauwezi kudanganya. Unategemea sana uwiano wa kasa katika data ya majaribio, na hapo ndipo watu wengi wanapoponzeka. Wanachukua vipande 100 vyenye kasa na 100 vitupu ili "data iwe sawa". Modeli A katika kizingiti cha kati hukosea vitupu asilimia 3, kwa hiyo katika 100 itakosea 3, na presisheni inakuwa 80 kwa 83, yaani 0.96. Modeli ni ile ile, kizingiti ni kile kile, na baharini itarudi 0.118. Kama data yako ya majaribio imechujwa hivyo, presisheni yake haina thamani mpaka uirekebishe kwa uwiano wa kweli:

```
presisheni = R*u / (R*u + F*(1-u))
```

`R` ni rikoli, `F` ni sehemu ya vitupu vilivyokosewa, `u` ni uwiano wa kasa baharini. Kwa `u` ya 0.005 utapata 0.118. Mahali kasa wanapojaa zaidi, tuseme `u` ni 0.02, modeli hiyo hiyo inapanda hadi 0.35 bila kubadilishwa chochote.

Ndiyo maana ROC sijaitupa. Nikitaka kujua kama modeli imedhoofika kutoka msimu hadi msimu, ROC ndiyo naitegemea, kwa sababu kasa wakipungua au wakiongezeka haiyumbi. Inayumba pale tu sura ya picha yenyewe inapobadilika. Huku kwetu mto Sabaki unapojaa hutapika matope baharini na maji yanakuwa mekundu, na kasa aliyeonekana wazi wakati wa kaskazi anabaki kivuli. Hapo mkunjo wa ROC unashuka na unajua tatizo ni macho ya modeli. Ukitazama presisheni peke yake, hutaweza kutofautisha maji machafu na kasa kuhama.

Kwa hali yako, chora yote miwili kwa data yenye uwiano wa kweli, na utenge majaribio kwa siku za kurusha droni, si kwa vipande, kwa kuwa kasa mmoja huonekana katika picha kadhaa zinazofuatana na atajipenyeza pande zote mbili, wa mafunzo na wa majaribio. Kisha waulize vijana wanaweza kufungua picha ngapi kwa siku, shuka kwenye orodha hadi idadi hiyo, uhesabu kasa waliopatikana. Na kama kasa wako wa majaribio hawafiki 100, rudia hesabu mara nyingi kwa kuchota upya siku za kurusha kwa bahati nasibu uone wastani wa presisheni unavyocheza. Kwa idadi ndogo hivyo, tofauti ya 0.05 kati ya modeli mbili inaweza kuwa ya siku moja tu ambayo maji yalikuwa meupe. Ukipata namba hizo zilete hapa tuzitazame.