Mbunge akihama chama, fungua kalenda kwanza

Desemba 2017 Maulid Mtulia, mbunge wa Kinondoni kwa tiketi ya CUF, alijiuzulu na kuhamia CCM. Alisema anaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Wiki hiyohiyo karibu kila chombo cha habari kiliandika sababu hiyo kama ilivyotamkwa, kisha kikaendelea na mengine.

Mimi sababu huiandika, ila sianzi nayo. Naanza na kile anachokiacha mhamaji. Kwa Tanzania, Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompa kiti, kiti hicho kinakuwa wazi. Kwa hiyo anayehama anapoteza mshahara, posho na jimbo kwa mpigo. Hapo ndipo swali linapozaliwa: atarudi bungeni kwa njia gani? Mtulia aliteuliwa na CCM kugombea jimbo lilelile, akashinda uchaguzi mdogo wa Februari 17, 2018. Dk. Godwin Mollel wa Siha, aliyetoka CHADEMA Desemba hiyohiyo, alipita njia hiyohiyo na kushinda siku hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye sababu. Magufuli aliingia Ikulu Novemba 2015. Muulize mhamaji: ni jambo gani lililotokea mwezi huu ambalo halikuwepo mwaka jana? Akitaja jambo mahususi, fungua kumbukumbu rasmi za Bunge, Hansard, uone alisema nini siku jambo hilo lilipojadiliwa. Kama alilipinga kwa nguvu wiki chache kabla ya kuhama, mwombe aeleze kilichombadilisha. Kisha uliza waziwazi: umezungumza na nani wa chama kipya kuhusu uteuzi, na lini? Akikataa kujibu, kukataa kwake ni sehemu ya habari.

Neno “kanunuliwa” litakujia kwenye simu kabla hujafika ofisini. Bila ushahidi wa fedha, usiliandike kama jambo lililothibitika, hata likiwa mdomoni mwa kila dereva wa bodaboda. Weka tarehe zifuatane katika aya moja: kujiuzulu, uteuzi, ushindi. Msomaji ataona mwenyewe, na mhamaji hana cha kukushtaki.

Wapo wanaoonekana kutogusa maslahi yoyote. Lazaro Nyalandu aliacha CCM na ubunge wa Singida Kaskazini Oktoba 2017, akaenda upinzani, wala hakugombea uchaguzi mdogo uliofuata. Ungeishia hapo ungeandika kwamba alipoteza kila kitu kwa imani yake. Mwaka 2020 aliomba tiketi ya urais ndani ya CHADEMA, Tundu Lissu akaipata. Mwaka 2021 Nyalandu akarejea CCM. Hilo halithibitishi kwamba sababu yake ya 2017 ilikuwa ya uongo, kwani mtu anaweza kuwa na msimamo na tamaa kwa pamoja. Ndiyo maana faili la mhamaji silifungi hadi uchaguzi mkuu unaofuata upite.