Skwati inainama mbele: uzi wa timazi unavyoligawa paja

*"Wakuu, nina urefu wa sm 186. Nikipiga skwati nainama kama naokota kitu chini, na kesho yake yanauma makalio na mgongo, mapaja ya mbele kimya. Mwenzangu ninayefanya naye anashuka wima kabisa na mapaja yake yanajaa. Kocha anasema niinue kifua. Nakosea wapi?"*

Mkuu, nina umbo kama lako, na hiyo "inua kifua" nimeambiwa karibu miaka miwili. Nilikuwa nainua kifua kweli, naanguka nyuma, nashikilia chuma kwa hofu, narudi kuinama. Kilichonifungua macho ni uzi wa timazi, ule wa mafundi ujenzi. Niliufunga kwenye ncha ya chuma, nikaning'iniza nati chini yake, nikaegemeza simu kwenye tofali pembeni yangu, usawa wa nyonga, nikajirekodi nikishuka taratibu ili uzi usiyumbe. Halafu nikaisimamisha video pale ambapo paja limelala sambamba na sakafu.

Uzi ulikuwa unapita katikati ya unyayo, kama inavyotakiwa. Chuma kikiwa kizito lazima kikae juu ya katikati ya unyayo, la sivyo unaanguka. Ila tazama uzi ulivyolikata paja langu: kipande kifupi mbele, kutoka kwenye uzi hadi goti, na kipande kirefu nyuma, kutoka kwenye uzi hadi nyonga. Jibu lako limo kwenye hivyo vipande viwili.

Kumbuka nyenzo tulizosoma shule ya msingi: egemeo, mzigo, jitihada. Mkono wa mzigo ni umbali kutoka egemeo hadi kwenye mstari ambao mzigo unavuta. Kwenye skwati mzigo unavuta wima kwenda chini, kwa hiyo umbali huo unapimwa kwa ulalo. Goti ni egemeo moja, na misuli inayolinyoosha ni ya mbele ya paja. Nyonga ni egemeo lingine, na wanaoinyoosha ni makalio, wakisaidiwa na misuli mikubwa ya ndani ya paja na ile ya nyuma yake. Kipande cha mbele ya uzi ni mkono wa mzigo wa goti, kipande cha nyuma ni wa nyonga. Uzito ni uleule mmoja. Kinachoamua nani alipwe ujira mkubwa ni urefu wa vipande.

Nikupe vipimo vyangu na vya mwenzangu wa mazoezi. Tulipima kwa futi ya fundi cherehani: muundi kutoka kifundo cha nje cha mguu hadi mstari wa goti, paja kutoka hapo hadi ule mfupa unaojitokeza pembeni ya nyonga, na kiwiliwili kutoka mfupa huo hadi chuma kinapokaa mgongoni. Mimi: muundi sm 42, paja 47, kiwiliwili 48. Yeye: muundi 40, paja 40, kiwiliwili 54.

Sote vifundo vyetu viliruhusu muundi ulale mbele nyuzi 30 hivi. Hapo goti langu linakwenda mbele ya kifundo sm 21. Katikati ya unyayo iko kama sm 6 mbele ya kifundo, kwa hiyo goti linabaki sm 15 mbele ya uzi. Paja langu ni 47, toa 15, nyonga inakaa sm 32 nyuma ya uzi. Sina pengine pa kuiweka. Kwa mwenzangu goti liko sm 14 mbele, paja ni 40, nyonga iko sm 26 nyuma.

Sasa weka chuma cha kilo 80 kwa wote wawili. Goti langu na goti lake vinabeba karibu sawa, sm 15 kwa 14. Lakini nyonga yangu ina mkono mrefu kuliko wake kwa karibu robo, 32 kwa 26. Kila kilo unayoongeza, makalio yangu yanaongezewa kazi kuliko yake, na mara nyingi makalio na mgongo vinachoka kabla mapaja ya mbele hayajaguswa ipasavyo. Kwake yeye nyonga haijamzuia, anaongeza chuma hadi mapaja ya mbele yaseme basi. Ndiyo maana mapaja ya mwenzako yanajaa na yako kimya.

Kiwiliwili kinaingia hapa, na hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Utasikia kiwiliwili kifupi "kinarefusha" mkono wa nyonga. Hapana. Nyonga imeshawekwa na muundi na paja kabla mgongo haujaulizwa. Kazi ya kiwiliwili ni kukirudisha chuma juu ya unyayo: nyonga ikiwa sm 32 nyuma, kiwiliwili lazima kiiname hadi bega lisogee mbele sm hizohizo 32. Chenye urefu wa 48 kinalazimika kuinama nyuzi 42 kutoka wima. Ningekuwa na kiwiliwili cha mwenzangu cha 54 ningeinama nyuzi 36, na nyonga ingebeba mzigo uleule. Yeye mwenyewe, kwa paja lake fupi, anainama nyuzi 29 tu. Kwa hiyo kuinama kwako ni hesabu ya mifupa. Ukiinua kifua bila kusogeza goti au nyonga, chuma kinarudi nyuma ya unyayo, na unaanguka kama nilivyokuwa naanguka.

Lakini kiwiliwili kifupi kinabadilisha misuli kwa njia nyingine. Kuinama kuna mwisho wake. Tumbo linakutana na mapaja, nyonga haikunjiki tena, na mgongo wa chini unaanza kujikunja kama samaki aliyekaukia juani. Mwenye kiwiliwili kirefu anaweza kuchagua: akitaka anarudisha makalio nyuma, akitaka anapeleka magoti mbele, bado anabaki na nafasi. Mwenye kifupi hana chaguo. Akifika mwisho wa kuinama, ama apeleke magoti mbele, ama aishie juu bila kufika chini, ama mgongo ujikunje. Na mgongo ulioinama sana unakaza misuli ya kandokando ya uti wa mgongo muda wote, ndiyo hayo maumivu yako ya kesho yake.

Mimi nilizidishiwa tatizo na ushauri wa kutopitisha magoti mbele ya vidole. Niliufuata miezi minane kwa nidhamu kabisa. Mwaka 2003 mtafiti Fry na wenzake walilipima jambo hili kwa wanaume saba wenye mazoezi: walipozuia magoti kwa ubao, mzigo wa goti ulipungua kama moja ya tano, na wa nyonga ukapanda zaidi ya mara 10. Zile ni hesabu za mkao wao, usizichukue kama kipimo chako, ila mwelekeo wake ndio huu wa uzi: sentimita unayoinyima sehemu ya mbele inakwenda nyuma. Kwa mwenye paja la sm 47 ule ushauri ni mzigo mzito mno, na mgongo wangu ulilipa.

Nilichobadilisha kilikuwa vitu viwili. Kwanza kisigino. Niliweka kipande cha ubao kigumu cha unene wa sm 2 chini ya visigino (baadaye nikanunua viatu vya kunyanyulia, kisigino chake ni kigumu na kina urefu wa karibu hapo hapo). Muundi ukapata nyuzi 5 zaidi. Goti likaenda sm 18 mbele ya uzi badala ya 15, nyonga ikabaki sm 29 nyuma badala ya 32, na kuinama kukashuka hadi nyuzi 37. Kwenye video ni tofauti ndogo. Kwenye mapaja ya mbele ni moja ya tano zaidi ya mzigo kwa chuma kilekile, na wiki ya kwanza nilishuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Usitumie godoro wala kiatu cha kukimbilia chenye soli laini, kinabonyea na uzi unayumba.

Pili, kupanua miguu. Nilipanua kuzidi mabega kidogo, vidole nikavigeuza nje kama nyuzi 30, magoti yakafuata vidole. Ukilitazama paja kwa pembeni sasa, la sm 47 linaonekana kama 41, kwa sababu sehemu ya urefu wake imekwenda kando. Nyonga yangu ikaja sm 25 nyuma ya uzi, karibu sawa na mwenzangu, na kuinama kukawa nyuzi 31. Mfupa haujafupika, kwa hiyo deni halijafutwa lote: misuli ya ndani ya paja inachukua sehemu yake, na wiki mbili za mwanzo utaijua. Kama nyonga zako zinabana ukigeuza kiasi hicho, anza na nyuzi 15 au 20.

Kabla ya hayo, pima kifundo. Vua viatu, weka vidole mbali na ukuta kama sm 10, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Ukishindwa, ubao wa kisigino utakusaidia sana. Ukigusa kirahisi, kifundo chako kina nafasi ambayo huitumii, na huenda huo ushauri wa vidole umekukaa kichwani kama ulivyonikaa mimi.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye video, kwa sababu si kila kuinama ni mifupa. Simamisha pale chini, kisha tazama sm 10 za kwanza za kupanda. Kama pembe ya mgongo inabaki ileile na chuma na makalio vinapanda pamoja, hilo ni umbo lako, liache. Kama makalio yanapanda kwanza na chuma kimebaki pale pale, hapo magoti yamenyooka mapema, yamerudi karibu na uzi, na mapaja ya mbele yametupa kazi kwa nyonga na mgongo. Hiyo inatokea uzito ukizidi nguvu ya mapaja ya mbele. Mimi nilishuka kutoka kilo 80 hadi 60 ndipo ikaacha, nikaongeza mashine ya kunyoosha goti mara mbili kwa wiki.

Jambo la mwisho, rekodi na uzito wa kweli. Chuma kitupu cha kilo 20 ni chepesi kuliko mwili wako, kwa hiyo unaweza kukiacha mbele ya unyayo na bado usianguke. Mstari utakaouona hapo utakudanganya. Ukishapima, weka hapa namba tatu, muundi, paja na kiwiliwili, pamoja na picha ya pale chini yenye uzi, tuihesabu pamoja.