Heri wenye upole, na mpaka wa shamba

Mvua zikikaribia huku Chamwino, kesi za mipaka nazo huanza. Mjane akilalamika kwamba jirani kamega shamba lake, Wakristo wenzake humwambia, "Nyamaza, mama, heri wenye upole." Ushauri huo unaniuma, kwa sababu Mathayo 5 haisemi hivyo.

Heri ziko nane, mstari wa 3 hadi wa 10. Maskini wa roho, yaani wanaojua hawana cha kumlipa Mungu, na wanaoudhiwa kwa ajili ya haki, wanaambiwa ufalme wa mbinguni ni wao, tangu sasa. Waliobaki wanapewa ahadi: wenye huzuni watafarijika, wenye njaa na kiu ya haki watashibishwa, wenye rehema watapata rehema, wenye moyo safi watamwona Mungu, wapatanishi wataitwa wana wa Mungu. Na wenye upole watairithi nchi.

Ahadi hiyo ya nchi imo katika Zaburi 37, inayosema na watu wanaoona waovu wakistawi. Inawataka waache hasira na waendelee kutenda mema. Haiwataki wakane kilicho chao. Musa, anayeitwa mpole kuliko watu wote katika Hesabu 12:3, ndiye aliyesimama mbele ya Farao.

Mama yangu mkubwa, mjane, alikuta jirani ameng'oa minyaa ya mpakani na kulima matuta kadhaa ndani ya shamba lake la uwele. Vijana wa ukoo walitaka kwenda na mapanga. Tulimshauri afuate Mathayo 18. Kwanza alimwendea jirani peke yake, jioni, siyo shambani ambako kila mtu ana jembe mkononi. Alikataliwa. Akarudi na wazee wawili walioshuhudia minyaa ikipandwa. Akakataliwa tena. Ndipo akaenda Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, halimlazimishi mtu kukubali, na asiyeridhika anaweza kuendelea mbele.

Wajumbe walikwenda shambani, wakakuta visiki vya minyaa ardhini. Jirani akakubali. Uwele ambao jirani alikwisha kuupanda, mama mkubwa alimwachia auvune, na mpaka wa shamba ukarudi palepale. Alisisitiza makubaliano yaandikwe na wote watie saini, akabaki na nakala.

Ukitaka kujua kama ni upole au ni woga, sikiliza maneno yanasemwa wapi. Mwoga hunyamaza mbele ya mhusika, kisha humsema kisimani na baada ya ibada. Mama mkubwa alisema yote mbele ya jirani, kwa sauti ya kawaida. Kama mdhulumiwa ametishiwa au kupigwa, hatua ya kwenda peke yake iachwe. Aende na watu, au moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji au polisi.