Re: Vichwa vya habari na bei ya dhahabu

"Asubuhi niliambiwa dhahabu imepanda kwa hofu ya vita, jioni imeshuka na vita bado vipo. Nimwamini nani?"

Salamu ndugu. Anza na saa, sababu baadaye. Fungua chati ya dakika tano, tafuta bei iliporuka, kisha linganisha na saa habari ilipotoka. Bei ikitangulia habari, maelezo hayo yameshonwa baadaye. Takwimu za ajira za Marekani, kwa mfano, hutoka saa 2:30 asubuhi ya New York. Bei ikiruka dakika hiyohiyo, hapo mwandishi ana hoja.

Tazama tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Dhahabu ilipanda kupita dola 1,970 kwa wakia, na siku hiyohiyo ikarudi karibu na 1,900. Vita havikuwa vimepoa hata kidogo. Wa asubuhi akaandika "hofu", wa jioni akaandika "wawekezaji wachukua faida". Lakini kila anayeuza ana mnunuzi upande wa pili, kwa hiyo maneno hayo hayaelezi kitu.

Sehemu kubwa ya biashara ya dhahabu ya London hufanyika moja kwa moja kati ya benki na wateja wao, na hakuna anayejaza fomu kusema kwa nini ameuza. Mwandishi mwenye dakika chache humpigia mchambuzi, naye huchagua habari kubwa ya siku.

Mimi nikitaka kupima maelezo, naangalia pia dola na riba ya hati fungani za Marekani. Zikiwa zimetulia huku kichwa cha habari kikizilaumu, naendelea na shughuli zangu.