Picha ya mchoro wa Venn ukitakiwa uigeuze maandishi, anza na herufi

Mpwa wangu yuko sekondari hapa Tanga, na ana rafiki yake wa darasani, binti asiyeona, anasoma kwa simu, ile TalkBack inamsomea kilichoandikwa kwenye skrini. Sasa picha ya ubao TalkBack haimsaidii sana, kwahiyo mwalimu akichora kitu mpwa anapiga picha ananirushia Whatsapp, "mjomba naomba uniandikie hii". Nyingi zilikuwa rahisi mpaka siku ilipokuja hii ya mikoko.

Maduara matatu yamepandana katikati, ndo huo mchoro wa Venn, neno likikaa pale maduara yanapopandana linahusu yote yaliyopandana hapo. Moja limeandikwa mkoko na chini yake Rhizophora, la pili mchu, la tatu mlilana, yaani aina tatu za miti ya mikoko. Mi nikaona kitu kidogo tu, nikaandika haraka haraka, nikatuma. Jioni nikapata voisi noti ya yule binti, "mjomba shikamoo, umeandika mizizi ya yote mitatu inachomoza kwenye tope kwenda juu, mbona mkoko mizizi yake inatoka juu kwenye shina inashuka chini? Mi nimeishika." Kwao ni Mwambani huko, bahari iko mlangoni, ameshika mizizi hiyo tangu mtoto. Nikarudi kwenye picha nikaona aibu yangu. Yale maneno yalikuwa yamekalia mstari, nusu yako katikati kabisa na nusu kwenye kipande cha mchu na mlilana peke yao, mi nikayasogeza katikati kwa macho tu.

Tangu hapo siandiki sentensi hata moja kabla sijafanya hivi. Kwanza naifungua picha kwenye kuhariri, nachukua ile kalamu ya kuchorea, nafuata kila duara kwa rangi yake mwanzo mpaka mwisho, maana chaki ikififia au mwanga wa dirisha ukipiga ubao huwezi kujua mstari huu ni wa nani. Pili kila duara nalipatia herufi, hapa K ya mkoko, C ya mchu, L ya mlilana. Tatu naweka kidole juu ya neno moja na kujiuliza maswali matatu bila kuruka: niko ndani ya K? niko ndani ya C? niko ndani ya L? Jibu naliandika kwa herufi pembeni ya neno, KC maana yake liko ndani ya K na C ila sio L. Usijiulize "hili liko wapi", hapo ndo jicho linakudanganya, jiulize duara moja moja.

Maduara matatu yanakupa vipande 7, na nje ya yote ni cha 8. Picha yangu ilitoka hivi:

```
K    mizizi inashuka toka shinani; mche mrefu unaning'inia
C    mizizi pumuzi kama penseli; majani hutoa chumvi
L    mizizi pumuzi minene kama koni; tunda mviringo, mbegu nyingi
KC   mbegu huanza kuota ikiwa bado mtini
CL   mizizi huchomoza juu ya tope kupata hewa
KL   (tupu)
KCL  huvumilia chumvi; hufikiwa na maji yakijaa
nje  mnazi
```

Hesabu vitu kwenye picha, hesabu kwenye orodha, namba zifanane. Ila picha yenyewe iwe nzima, mi mara ya kwanza nilikuwa na 10, ya kweli ni 11. Aliyepotea ni mnazi, kwa sababu mpwa alikata picha ili maduara yakae vizuri, akakata na kona ya ubao. Mwalimu kumbe alichora boksi kuzunguka maduara na mnazi akauweka humo kwenye boksi nje ya maduara, maana yake ni mti wa pwani ila haumo kwenye kundi. Kwahiyo siku hizi namwambia anitumie picha nzima, apige akiwa amesimama mbele ya ubao sio pembeni, na aitume kama dokumenti sio kama picha ya kawaida, Whatsapp ikiibana maandishi madogo yanakuwa ukungu. Ile app ya kunyofoa maandishi kwenye picha nayo nilijaribu, ikasoma kutoka kushoto kwenda kulia kama gazeti, nikapata "majani hutoa mbegu huanza chumvi kuota". Inakupunguzia kutaipu basi, maduara haiyajui.

Neno likikaa juu ya mstari usibahatishe. Angalia limeanzia wapi na sehemu kubwa iko upande gani, kisha lipime na kitu chenyewe kama unakijua, na kama bado, muulize aliyechora. Lile langu la mizizi binti alishalipima kwa mkono wake.

Sasa orodha hiyo ni sahihi ila bado sio ulinganisho. Angalia mizizi, iko K, iko C, iko L, iko na CL, vipande vinne tofauti! Anayeona anakusanya kwa jicho, anayesikiliza anapewa mizizi mara nne katikati ya mambo mengine, atakusanya saa ngapi? Kwahiyo hatua ya mwisho navikusanya kwa kigezo. Jedwali silitumii, TalkBack inasoma kisanduku kimoja kimoja na ukifika cha saba ushasahau cha kwanza. Naandika sentensi, na neno "pekee" nalitaja wazi kwa sababu yeye hauoni mstari wa duara unaomwambia wengine hawamo. Niliyomtumia ni haya:

"Mchoro una miti mitatu ya mikoko: mkoko wenyewe yaani Rhizophora, mchu, na mlilana. Yote mitatu huvumilia chumvi na hufikiwa na maji ya bahari yakijaa. Mizizi: ya mchu na mlilana huchomoza juu ya tope kupata hewa, ya mchu myembamba kama penseli, ya mlilana minene kama koni. Ya mkoko pekee hushuka kutoka kwenye shina. Mbegu: ya mkoko na ya mchu huanza kuota ikiwa bado mtini, na mkoko pekee una mche mrefu unaoning'inia. Mlilana pekee una tunda la mviringo lenye mbegu nyingi. Chumvi: mchu pekee huitoa kwa majani. Sehemu ya mkoko na mlilana bila mchu haijaandikwa kitu. Nje ya maduara kuna mnazi."

Hapo mwanzoni nimeandika "mkoko wenyewe" makusudi, huku kwetu mikoko ni jina la msitu mzima na mkoko ni huo mti mmoja, bila hivyo msikilizaji anachanganyikiwa sentensi ya pili tu.

Na ile KL tupu, mkono uliniwasha nijaze. Au niandike "mkoko na mlilana havina kinachofanana bila mchu", inasikika vizuri kabisa, ila mchoro haujasema hivyo, umenyamaza tu. Nikaacha "haijaandikwa kitu". Kesho yake mpwa akamuuliza mwalimu kwa nini pale pametupu.

"Kengele ililia."

Ndo jibu alilopewa.