Msimamizi anayefuja mirathi: tulichotakiwa kumwonyesha hakimu

"Baba alimtaja mdogo wake kwenye wosia kuwa msimamizi. Karibu miaka miwili sasa hatujaona hesabu wala mgao, na kiwanja kimoja kimeshauzwa. Tunaweza kumwondoa? Mahakama itataka nini kwetu?"

Pole sana. Mnaweza, ila sisi tulishindwa mara ya kwanza tukafanikiwa ya pili, na mtu tuliyemlalamikia alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni tulichopeleka mahakamani.

Kwetu pia alikuwa baba mdogo, naye ndiye aliyetajwa kwenye wosia. Mzee aliacha nyumba ya vyumba 8 vyenye wapangaji, kiwanja na akiba kidogo benki. Mwaka ulipita bila taarifa yoyote. Ukimpigia anakata simu, ukimfuata anasema, "Mnataka kunigawa kabla ya mali." Tukaenda mahakamani na hasira. Hati ya kiapo niliyoapa mimi ilikuwa na aya 30, karibu zote za matusi, dharau na vikao vilivyovunjika. Aya mbili tu ndizo zilizogusa pesa, nazo zilianza na maneno "nimeambiwa na mpangaji". Wakili wake aliomba aya hizo ziondolewe kwa kuwa nilikuwa naapia jambo nisilolijua mwenyewe, na zikaondolewa. Kilichobaki kikawa ugomvi wa familia. Maombi yakatupwa, na gharama tukalipa sisi.

Hakimu alituambia kitu ambacho baadaye niligundua ni msingi wa zamani sana. Kesi ya Letterstedt dhidi ya Broers ya mwaka 1884 bado inatajwa katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza: kinachoangaliwa ni maslahi ya wanaonufaika na mali, na uhasama peke yake kati yao na msimamizi hautoshi kumwondoa. Kuna sababu ya msingi huo. Marehemu alimchagua mtu huyo kwa hiari yake, na mahakama haitengui chaguo la marehemu kirahisi. Ugomvi unaanza kuwa na uzito pale unapokwamisha kazi yenyewe, kwa mfano pale msimamizi anapokataa kusaini hati ya mgao kwa sababu tu amekosana na mrithi.

Kwa hiyo usianze na maombi ya kumwondoa. Anza kwa kudai hesabu. Mwandikie barua yenye tarehe, taja mali moja moja, umpe siku za kujibu, na ubaki na nakala yenye saini ya kupokelewa. Akikaa kimya, iombe mahakama iliyomthibitisha imwamuru awasilishe orodha ya mali na hesabu za mapato na matumizi. Kutoa hesabu ni wajibu wake, hakuombi fadhila. Majina ya fomu na muda wa kuwasilisha vinatofautiana nchi na nchi, karani wa masjala atakuelekeza. Uzuri wa hatua hii ni kwamba matokeo yoyote yanakusaidia. Akileta hesabu safi, mmepata mlichotaka. Akileta mbovu, ni maneno yake mwenyewe mahakamani. Akikaidi, amekaidi amri ya mahakama, na hiyo ni sababu nzito ya kumwondoa kuliko matusi yote niliyoyaandika mimi.

Wetu alileta karatasi mbili. Ya kwanza ilisema kodi yote "imetumika kwa ukarabati na mahitaji ya familia". Ya pili ilitaja bei ya kiwanja, bila jina la mnunuzi.

Hapo ndipo tulipofanya kazi ya kweli. Dada yangu alichukua daftari akachora mistari, chumba kwa chumba, mwezi kwa mwezi. Vyumba 8 kwa miezi 20 ni kodi 160. Chumba kimoja kilikaa tupu miezi 4, tukazitoa wenyewe, zikabaki 156. Hilo la kutoa chake ni muhimu mno, kwa sababu ukiongeza chumvi ukakamatwa mahali pamoja, hata ulichosema kweli hakiaminiki. Taarifa ya akaunti ya mirathi ilionyesha zilizoingia ni sawa na kodi 41. Risiti za mafundi alizoambatanisha zilifika kodi 12, na tukazikubali zote. Zilibaki kodi 103 zisizo na maelezo. Wapangaji 6 waliapa viapo vyao wenyewe na kuambatanisha risiti zao, 4 kati yao wakionyesha kwamba pesa walikuwa wanaituma kwenye simu yake binafsi. Kuchanganya pesa za mirathi na zake ni kosa hata kama angekuwa hajala senti, maana hakuna tena anayeweza kutofautisha ya nani ni ipi.

Kuhusu kiwanja, usikimbilie kusema "ameuza". Msimamizi mara nyingi ana mamlaka ya kuuza, hasa kulipa madeni. Maswali ni mawili: alimuuzia nani, na kwa bei gani? Kumbukumbu za ardhi zilionyesha mnunuzi ni shemeji yake. Tukamwajiri mthamini aseme thamani ya siku ile ya mauzo, siyo ya leo, kwa sababu kiwanja kupanda bei baadaye si kosa la muuzaji. Bei ilikuwa karibu theluthi ya thamani, na hakukuwa na deni lolote la marehemu lililolipwa kwa pesa hiyo.

Utetezi wake mkubwa ulikuwa kwamba tuliridhia. Alileta muhtasari wa kikao wenye saini zetu. Hili lichunguzeni mapema, kwa maana mrithi aliyeridhia akijua ukweli wote ni vigumu kulalamika. Tulipoiangalia nakala halisi, saini zilikuwa kwenye ukurasa wa mahudhurio tu. Ukurasa uliotaja mauzo haukuwa na saini hata moja, na bei haikuandikwa popote.

Maombi ya pili yalikuwa na aya 14. Pamoja nayo tuliomba zuio la muda ili nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani kesi ikiendelea, tukaambatanisha tangazo la dalali kama ushahidi wa hatari. Tulimpendekeza pia msimamizi mbadala, akiwa na ridhaa yake ya maandishi. Msisahau hili: mahakama inasita kuiacha mirathi bila mwenyewe, na kama warithi wenyewe hamkubaliani juu ya mtu, inaweza kumteua asiye ndugu wa yeyote.

Akaondolewa. Ila jueni kwamba kumwondoa hakurudishi pesa. Amri ilimtaka akabidhi nyaraka na atoe hesabu za mwisho, na zile kodi 103 msimamizi mpya analazimika kumdai yeye binafsi, kwa hatua tofauti ambayo bado inaendelea. Cha kiwanja ni kigumu zaidi. Kwa kuwa mnunuzi ni ndugu aliyejua kila kitu, tuna nafasi ya kukirudisha. Angekuwa mgeni aliyenunua kwa nia njema na kulipa bei halali, pengine tungebaki kudai fidia tu. Ndiyo maana kama kuna mali yenu nyingine anayoitembeza kwa madalali sasa hivi, zuio litangulie, hesabu zifuate.